Lebo ya asali: maoni ya mteja, marekebisho na faili za mwisho

*"Niko fildi kwenye ofisi ya dizaini hapa Kariakoo, nimepewa lebo ya asali ya gramu 500. Mteja anatuma voisi WhatsApp, mwenzake anatuma picha aliyoichora kwa kidole, na wanapingana. Nina faili nyingi, zote zimeandikwa final. Sasa msimamizi anataka niandae faili za mwisho za kuchapa na za mtandaoni. Nianzie wapi?"*

Mdogo wangu, Illustrator iache kwanza. Fungua jedwali moja, iwe Google Sheets au hata daftari, uhamishie humo kila kilichosemwa tangu maoni yaanze kuingia. Sikiliza voisi moja baada ya nyingine na uandike maneno ya mteja kama yalivyotoka mdomoni mwake. Akisema "hii rangi imelala", andika hivyo hivyo. Ukiandika "abadilishiwe rangi", umeshaamua tatizo ni nini kabla hujalijua. Kila hoja ipate namba, jina la aliyeisema, tarehe, sehemu ya lebo inayohusika, na nafasi mbili tupu: tutafanya nini, na imefanyika au bado. Ile picha iliyochorwa kwa kidole nayo ina hoja kadhaa ndani yake. Kila duara na kila mshale upewe mstari wake.

Jedwali likishajaa utaona hoja zinajigawa zenyewe. Kuna zinazohusu usahihi: jina la kijiji limekosewa herufi, namba ya simu ni ya zamani, uzito umeandikwa "gms" badala ya "g". Hizo hazina mjadala, ila zidai kwa maandishi. Usichape kamwe namba ya simu uliyoisikia kwenye voisi, maana tarakimu moja ikikosewa, lebo zote zitatoka nayo na hakuna atakayekumbuka nani alisikia nini.

Kuna nyingine zinakuja kwa sura ya marekebisho kumbe ni kazi mpya. "Tutengenezee na ya gramu 250" ni mfano wake. Chupa ile ni ndogo, lebo yake ina vipimo vingine, na mpangilio hauwezi kupunguzwa tu kwa kuvuta pembe, maana maandishi ya chini hayatasomeka. Usiikubali wala kuikataa. Mpelekee msimamizi, kwa sababu inagusa bei. Vivyo hivyo akikuambia "weka na alama ya TBS hapo chini". Alama hiyo ni ya bidhaa ambayo mwenyewe ana leseni ya kuitumia, kwa hiyo mwombe msimamizi apate nakala ya leseni kabla hujaiweka popote, hata kwenye sampuli.

Zinazobaki ni zile zinazohusu jicho, na hapo ndipo mwanafunzi anapopoteza muda mwingi. Tuchukue ile inayosemwa kuliko zote: "logo iwe kubwa."

Tuseme chupa yako ina kipenyo cha milimita 75. Mzingo wake ni karibu milimita 236, na lebo ina urefu wa milimita 220 kwa kimo cha milimita 70, ikibakiza pengo dogo nyuma. Anayesimama mbele ya rafu haioni lebo yote. Anachosoma vizuri ni kama theluthi ya mzingo, yaani milimita 78 hivi, kwingine kote kumegeukia pembeni. Nembo yenye upana wa milimita 60 inaingia humo na kubakiza hewa. Ukiivuta hadi milimita 95 ili kumridhisha mteja, kwenye skrini itapendeza, lakini ikishabandikwa, herufi ya kwanza na ya mwisho zitapotelea kwenye mviringo na jina halitasomeka kwa mtazamo mmoja.

Sasa jiulize kwa nini mteja aliiona ndogo. Ulimtumia picha ya lebo nzima, naye akaifungua kwenye simu. Kioo cha simu kina upana wa milimita 70 hivi, kwa hiyo lebo ya milimita 220 ilishuka chini ya theluthi ya ukubwa wake, na ile nembo ya milimita 60 akaiona kama ya milimita 19. Amesema kweli, kwamba kile alichokiona kilikuwa kidogo. Kilichokosewa ni namna alivyoonyeshwa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nembo, ichape lebo kwa ukubwa halisi. Ihifadhi kama PDF, ifungue kwenye Acrobat, na kwenye dirisha la kuchapa chagua `Actual size`, siyo `Fit`, kwa sababu `Fit` hubadilisha vipimo ili viendane na karatasi na utakuwa unapima kitu kingine. Pima kwa rula: lazima upate milimita 220. Kata, zungushia chupa yenyewe, iweke kati ya chupa nyingine mbili, piga picha ukiwa umesimama kama mita moja na nusu. Picha hiyo ndiyo umtumie, pamoja na swali moja: "Mnunuzi akiwa hapa, ungependa aone nini kwanza?" Mara nyingi jibu litakuonyesha kwamba nembo haikuhitaji kukua. Kilichohitajika ni kuondoa mapambo yaliyoisonga, au kupunguza maneno "Asali Safi ya Asili" yaliyokuwa yanagombea nafasi nayo. Ikiwa kweli ni ndogo, ipandishe hadi milimita 68 au 70 na uishie hapo.

"Rangi imelala" nayo ina kipimo chake. Tengeneza nakala ya faili, chagua vyote, kisha nenda `Edit > Edit Colors > Convert to Grayscale`. Jina la bidhaa likififia hadi kupotea kwenye usuli wake, tatizo siyo aina ya rangi. Tatizo ni kwamba maandishi na usuli vina mwanga unaokaribiana, kama manjano ya asali juu ya krimu. Ukibadilisha manjano kuwa chungwa utazunguka palepale. Weka herufi za kahawia iliyokolea na rangi "itaamka" bila kubadilisha palete nzima. Jina likibaki wazi hata bila rangi, basi hapo mteja anazungumzia rangi yenyewe, na unaweza kumwonyesha chaguo mbili. Mbili zinatosha. Ukimpa sita ataomba nembo ya ya kwanza na usuli wa ya tano.

Kuhusu wawili wanaopingana, mmoja akitaka nyekundu na mwingine akitaka ibaki manjano: usichague wewe, usichanganye, na usitengeneze kimya kimya toleo la kila mmoja. Mwombe msimamizi awaulize ni nani anayeidhinisha kazi. Jina moja. Halafu hoja zinazopingana uzirudishe kwao wote wawili kwa ujumbe mmoja, zikiwa zimeandikwa jirani, ili wamalizane wenyewe. Ujumbe uwe mfupi kiasi hiki:

> Habari za kazi mama. Nimekusanya maoni yote ya raundi ya 2, jumla hoja 9. Hoja 7 nimezielewa na nimeorodhesha hapa chini tutakachofanya. Hoja mbili nahitaji jibu lenu: (4) rangi ya mkanda wa juu, wewe umesema ibaki manjano, mwenzako amesema iwe nyekundu, (8) namba ya simu, naomba iandikwe hapa. Nikishapata hayo mawili naanza kazi, na toleo jipya mtalipata kesho saa kumi jioni.

Tazama kinachotendeka hapo. Mteja anaona hoja zake zote zimesikika, kwa hiyo haongezi zilezile kwa maneno mengine. Naye anajua raundi haijaanza mpaka ajibu, jambo linalokukinga na ule mtiririko wa "na hii pia" kila baada ya nusu saa. Hoja mpya ikija katikati, iandike kwenye jedwali chini ya raundi inayofuata na umjulishe hivyo kwa upole. Ofisi nyingi huweka idadi ya raundi kwenye ankara au makubaliano, mara nyingi mbili au tatu. Muulize msimamizi wako ni ngapi kabla hujamwahidi mteja chochote. Ujumbe wenyewe pia umwonyeshe kabla haujatoka.

Tuje kwenye majina ya faili. Neno "final" lifute kwenye msamiati wako, kwa sababu halikuambii chochote: faili haijui kama mteja atarudi. Tumia namba ya raundi, na namba ibadilike pale tu kazi inapokwenda kwa mteja. Mabadiliko yako ya ndani, kabla hujatuma, yapate herufi.

```
asali-lebo-500g_r01.ai
asali-lebo-500g_r02a.ai
asali-lebo-500g_r02b.ai
asali-lebo-500g_r02.ai
asali-lebo-500g_r02_kukagua.pdf
```

Hapo `r02a` na `r02b` ni majaribio yako, `r02` ndiyo iliyotoka, na PDF ya kukagua ndiyo aliyoiona mteja. Mteja akisema "ile ya juzi ilikuwa nzuri", unafungua r01 bila kubahatisha. Zile "final" zako za zamani zipange kwa tarehe ya kuhifadhiwa, tafuta kwenye WhatsApp ni zipi zilitumwa na lini, hizo zipe namba. Nyingine zote weka kwenye folda ya akiba, usizifute mpaka kazi iishe. Folda zenyewe tano zinatosha:

```
01_kutoka-kwa-mteja
02_kazi
03_maoni
04_kuchapa
05_mtandaoni
```

PDF ya kukagua itume kama dokumenti, siyo kama picha, maana WhatsApp huzibana picha na herufi ndogo za viambato hutoka zimechafuka, kisha unapata hoja ya uongo kwamba "maandishi hayaonekani". Ikishapendwa, pata idhini ya maandishi inayotaja toleo: "Nimekubali r03." Dole gumba halitoshi, kwa sababu huwezi kujua limewekwa kwa toleo lipi.

Baada ya idhini hiyo, faili zote za mwisho zizaliwe kutoka r03 peke yake. Ila kabla hujahamisha chochote, piga simu kwa mchapaji na uulize mambo manne: anataka PDF ya aina gani, ziada ya kukata iwe milimita ngapi, anatumia profaili gani ya rangi, na mstari wa kukatia stika auone vipi. Majibu yake yanashinda kanuni yoyote utakayoisoma, yakiwemo haya ninayokuandikia.

Kwa kawaida ziada ya kukata ni milimita 3 kila upande. Maana yake usuli na picha zinazogusa ukingo ziendelee nje, hadi ukurasa uwe milimita 226 kwa 76, ili kisu kikiyumba kidogo usione mstari mweupe pembeni. Maandishi nayo yakae angalau milimita 3 ndani ya mstari wa kukata. Kwa picha, kipimo ni pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa halisi. Picha ya nyuki inayojaza upana wote wa milimita 226 inahitaji karibu pikseli 2,670. Picha aliyokutumia mteja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi imeshapunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi, ambayo hapo inakupa kama 180 tu kwa inchi, tena ikiwa imebanwa. Kuikuza kwenye Photoshop hakurudishi kilichopotea. Omba ile halisi, itumwe kama dokumenti au kwa Google Drive.

Msimbo wa mistari usiutoe kwenye picha. Mwombe mteja namba yenyewe ya tarakimu 13 (zilizotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620) na utengeneze mistari ya vekta. Ukubwa wa kawaida, pamoja na nafasi tupu za pembeni, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaruhusiwa kushuka hadi asilimia 80, yaani milimita 29.83 kwa 20.74. Chini ya hapo mashine ya dukani inaanza kukataa. Usiubane upande mmoja, na zile nafasi tupu kushoto na kulia usizijaze chochote. Mistari iwe nyeusi juu ya nyeupe. Mteja akiomba iwe nyekundu ifanane na mkanda, mweleze kwamba mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo wino mwekundu unaonekana kama karatasi tupu.

Sasa rangi. Ikiwa ulianza kazi kwa RGB, chungwa lile kali la kwenye skrini litafifia likigeuzwa kuwa CMYK, kwa kuwa wino hauwezi kufika pale taa inapofika. Geuza mapema na umwonyeshe mteja karatasi iliyochapwa, asije akalinganisha chupa na simu yake. Kosa lililofichika zaidi lipo kwenye nyeusi. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa, kwa mipangilio ya kawaida ya Adobe, inakuwa mchanganyiko wa C75 M68 Y67 K90. Kwenye eneo kubwa haina shida sana, lakini kwenye maandishi ya viambato yenye pointi 6, rangi nne zikipishana hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, kila herufi inapata kivuli. Maandishi madogo yawe K100 peke yake. Kuhakikisha, fungua `Window > Separations Preview`, weka alama kwenye `Overprint Preview`, kisha zima Black: maandishi yote madogo yanatakiwa kutoweka kabisa. Yakibaki kama kivuli cha kijivu, umepata ya kurekebisha. Ukiwa hapohapo angalia maandishi meupe. Nyeupe iliyowekewa `Overprint` kwa bahati mbaya inaweza kutoweka kwenye onyesho hilo, na vilevile kwenye mashine.

Fonti zina utata wake. PDF hubeba fonti ndani yake, kwa hiyo mara nyingi huna haja ya kuzigeuza kuwa umbo. Mchapaji akitaka faili ya `.ai`, au akisisitiza, tumia `Type > Create Outlines`, lakini kwenye nakala tu, yenye jina lake, mfano `asali-lebo-500g_r03_umbo.ai`. Ukiifanya kwenye faili ya kazi na kesho ikagundulika tarehe imekosewa, hakuna tena maandishi ya kuhariri, yamebaki maumbo.

Wakati wa kuhifadhi, mchapaji akikosa upendeleo, PDF/X-4 inafaa kwa mitambo ya kisasa kwa sababu inaacha vivuli na uwazi kama vilivyo. Mitambo ya zamani hupenda PDF/X-1a, ambayo huvipondaponda vyote kuwa bapa na kukataa RGB. Kwenye sehemu ya `Marks and Bleeds` weka alama kwenye `Use Document Bleed Settings`. Ukiisahau hii, faili inaweza kurudishwa. Kisha ifungue PDF yenyewe, usiiamini Illustrator. Kwenye Acrobat, `File > Properties` itakuonyesha ukubwa wa ukurasa, na kichupo cha `Fonts` kionyeshe kila fonti imeandikwa `Embedded` au `Embedded Subset`. Kuza hadi asilimia 400 usome kila neno ukilinganisha na jedwali lako, hoja kwa hoja, kuanzia raundi ya kwanza. Kosa lililorekebishwa kwenye r02 hurudi kwenye r03 pale mtu anaponakili kipande kutoka faili ya zamani.

Za mtandaoni ni nyepesi. Nembo itoe kama SVG kwa ajili ya tovuti, na PNG yenye upana wa pikseli 2,000 isiyo na usuli. Usimpe nembo kwa JPG peke yake, maana JPG haina uwazi na ataiweka juu ya bango la rangi ikiwa na kisanduku cheupe. Toleo la mraba kwa picha ya wasifu liache nafasi kwenye pembe nne, kwa kuwa WhatsApp na Instagram hulikata duara. Picha ya chupa kwa ajili ya Instagram iwe JPG ya pikseli 1,080 kwa 1,350, kwa RGB yenye profaili ya sRGB. CMYK ikipandishwa mtandaoni rangi zake huweza kubadilika kutoka simu moja hadi nyingine.

Kabidhi kwa kiungo cha Drive, na ndani yake weka faili fupi ya maandishi inayosema kila faili ni ya nani: hii mpe mchapaji, hii weka Instagram, hii mpe atakayetengeneza tovuti. Faili ya kazi ya `.ai` usiitie humo bila kumuuliza msimamizi, kwani ofisi nyingine huiuza kando. Kwa kumbukumbu ya ofisi tumia `File > Package`, ili fonti na picha vikae pamoja na faili. Na kabla mashine haijawashwa kwa idadi kamili, omba mchapaji atoe lebo moja ya majaribio kwenye stika ileile itakayotumika, ibandike kwenye chupa iliyojaa asali, soma msimbo kwa simu, na mteja aliyetajwa kuwa mwidhinishaji aisaini kwa kalamu.